Kutoka Dondoo Hadi Sentensi Moja

Orodha yenye vitone ni maandishi yaliyoishia njiani. Kila kipengele kimekaa kwenye mstari wake, na msomaji ndiye anayeachiwa kazi ya kutambua kinahusianaje na vingine: je, vyote vinatakiwa kwa pamoja, au kimojawapo kinatosha? Je, kimoja hufuata kingine kwa wakati, au vimepangwa vyovyote vile? Orodha inapogeuzwa kuwa sentensi moja, maswali hayo hayakwepeki tena. Sentensi hudai mambo mawili ambayo orodha huyasamehe: vipengele vyote viwe na umbo moja la kisarufi, na kiunganishi kinachovifunga kitaje uhusiano wao wa kweli.

Kazi hii humkuta kila anayeandika. Katibu wa kikao huchukua dondoo haraka wajumbe wakiwa bado wanazungumza, kisha huziandika upya katika muhtasari. Mwanafunzi wa Kenya anayefanya mtihani wa KCSE hukutana nayo katika sehemu ya ufupisho ya Karatasi ya Pili: hoja huorodheshwa kwanza kwenye matayarisho, halafu huandikwa kwa mtiririko kwenye nakala safi. Dondoo zifuatazo ni za mfano, zimeandikwa jinsi katibu wa kamati ya shule ya msingi angeziandika kikao kikiendelea.

Kamati iliazimia:
• kununua madawati 40
• ukarabati wa choo cha wasichana
• uzio upande wa barabarani
• walimu na chai ya saa 4
• kila mzazi atoe kilo 10 za mahindi
• wanafunzi wasirudishwe nyumbani kwa kukosa mchango

Kwa jicho la haraka orodha hii haina tatizo. Aliyekuwepo kikaoni ataielewa yote. Tatizo hujitokeza mara vitone vinapoondolewa na mikato kuwekwa mahali pake: «Kamati iliazimia kununua madawati 40, ukarabati wa choo cha wasichana, uzio upande wa barabarani, walimu na chai ya saa 4, kila mzazi atoe kilo 10 za mahindi na wanafunzi wasirudishwe nyumbani kwa kukosa mchango.» Hapo msomaji hujikwaa karibu kila baada ya mkato.

Kila kipengele na kichwa chake

Hatua ya kwanza ni kukisoma kila kipengele peke yake pamoja na maneno yanayotangulia orodha, kana kwamba vingine havipo. «Kamati iliazimia kununua madawati 40» ni sentensi kamili. «Kamati iliazimia ukarabati wa choo cha wasichana» inaeleweka, ingawa inachechemea. «Kamati iliazimia uzio upande wa barabarani» haisemi kama uzio ujengwe, uongezwe urefu au uvunjwe. «Kamati iliazimia walimu na chai ya saa 4» haina maana yoyote. Vipengele viwili vya mwisho vinasimama vizuri, hasa vikitanguliwa na «kwamba».

Jaribio hili hufichua aina mbili za kasoro. Ya kwanza ni ya umbo: kipengele kimoja kimeanza na kitenzi-jina, yaani kitenzi chenye ku- mwanzoni kama «kununua», kingine kimeanza na nomino kama «ukarabati», kingine ni kishazi chenye mtenda wake, kama «kila mzazi atoe». Ya pili ni ya upungufu: uzio na chai havina kitenzi kabisa. Upungufu huu hauwezi kuzibwa kwa kubahatisha. Anayeandika lazima arudi kwa aliyekuwepo, au kwenye kumbukumbu zake, ajue uzio ulikusudiwa kufanywa nini. Katika mfano huu ichukuliwe kwamba uzio ni wa kujengwa, na kwamba walimu ni wa kupatiwa chai.

Kuchagua umbo moja

Kiswahili kina maumbo matatu yanayofaa kuvalishwa orodha kama hii, na kila moja lina uwezo wake na mipaka yake.

Umbo la kwanza ni kitenzi-jina: «kununua madawati 40, kukarabati choo cha wasichana, kujenga uzio upande wa barabarani, kuwapatia walimu chai ya saa 4». Ni umbo jepesi na lina mwendo mzuri. Mpaka wake ni kwamba kitenzi-jina hakina mtenda wake chenyewe. Mtenda huazimwa kutoka kwenye kitenzi kikuu. Aliyeazimia ndiye anayenunua, anayekarabati na anayejenga. Kwa vipengele vinne vya kwanza hilo halina shida, kwa kuwa kamati ndiyo itakayosimamia kazi hizo. Lakini kipengele cha tano kikifuata mkumbo huo, sentensi itasema kwamba kamati iliazimia «kutoa kilo 10 za mahindi», na mzigo wa wazazi utakuwa umehamishiwa kwa wajumbe. Sarufi itakuwa safi, na habari itakuwa ya uongo.

Umbo la pili ni nomino: «ununuzi wa madawati 40, ukarabati wa choo cha wasichana, ujenzi wa uzio upande wa barabarani». Hili huhitaji kitenzi kikuu kinachopokea nomino, kwa mfano «iliidhinisha». Hupendwa katika ripoti za ofisi, na huleta ulinganifu bila taabu. Gharama yake ni kwamba kila nomino hudai «wa» au «ya» nyuma yake, na sentensi huwa nzito kadiri vipengele vinavyoongezeka. Isitoshe, kipengele cha sita hakiingii humo kwa urahisi: «kutorudishwa nyumbani kwa wanafunzi kwa kukosa mchango» ni maneno ambayo hata msomaji mvumilivu huyarudia mara mbili.

Umbo la tatu ni kitenzi cha kuagiza au kutaka, kile kinachoishia na -e: «yanunuliwe», «kikarabatiwe», «atoe». Faida yake ni kwamba kila kitenzi hubeba kiambishi cha mtenda au mtendwa wake, kwa hiyo vipengele vyenye wahusika tofauti hukaa pamoja bila kugombana. Tena hukubali ukanushaji kwa kuingiza -si- tu: «asirudishwe». Orodha yote ya kamati inaingia ndani yake:

«Kamati iliazimia kwamba madawati 40 yanunuliwe, choo cha wasichana kikarabatiwe, uzio ujengwe upande wa barabarani, walimu wapatiwe chai ya saa 4, kila mzazi atoe kilo 10 za mahindi na mwanafunzi yeyote asirudishwe nyumbani kwa kukosa mchango.»

Kanuni inayopatikana hapa ni ya kutumika katika orodha yoyote: umbo huchaguliwa kwa kuangalia kipengele kigumu kuliko vyote, wala si kile kilichotangulia. Waandishi wengi hulichukua umbo la kipengele cha kwanza na kuwalazimisha waliobaki wafuate, kisha hukwama mwishoni. Anayeanza na kile chenye mtenda tofauti, au chenye kukanusha, hupata umbo ambalo vile vyepesi vitaliingia bila ubishi.

Njia nyingine ni kubaki na kitenzi-jina na kukiongezea kipengele kigumu kitenzi kinachorudisha mtenda mahali pake: «na kuagiza kila mzazi atoe kilo 10 za mahindi». Hapo kamati ndiyo inayoagiza, na mzazi ndiye anayetoa. Ulinganifu umebaki, na ukweli pia.

Kitenzi cha kwanza kinapowabeba wengine

Orodha ya mambo yaliyokwisha kutendwa ina utaratibu wake. Kiswahili hakilazimiki kurudia nafsi na wakati katika kila kitenzi. Baada ya «na», kitenzi cha mwisho huweza kuachwa katika umbo la ku-, nacho kikachukua mtenda na wakati wa kile kilichotangulia: «Wanafunzi walifagia darasa na kufuta vioo.» Hakuna anayedhani kwamba vioo vilifutwa na mtu mwingine au siku nyingine. Mtenda akibadilika, njia hii hufungwa: «Wanafunzi walifagia darasa na mwalimu kufuta vioo» ni sentensi legevu, panahitajika «na mwalimu akafuta vioo».

Matukio yakiwa yamefuatana, kiambishi -ka- hufanya kazi ya kiunganishi chenyewe. Dondoo za safari ya shule, yaani kuondoka Dar es Salaam alfajiri, kufika Bagamoyo, kutembelea magofu ya Kaole, kula na kurudi jioni, huwa sentensi moja hivi: «Wanafunzi waliondoka Dar es Salaam alfajiri, wakafika Bagamoyo, wakatembelea magofu ya Kaole, wakala chakula cha mchana na kurudi jioni.» Kitenzi cha kwanza hubeba -li- na kuweka wakati, vinavyofuata hubeba -ka- na kuonyesha kwamba kila kimoja kilikuja baada ya kingine. Kuongeza «halafu» au «kisha» kabla ya kila -ka- ni kusema jambo lile lile mara mbili. Kama shughuli hazikufuatana, kwa mfano ziligawanywa kwa makundi yaliyofanya kazi saa moja, -ka- itadanganya, na -li- ndiyo inayopaswa kurudiwa.

«Na», «au» na «wala»

Kitone cha orodha hakisemi kama kinamaanisha «na» ama «au». Tangazo la ofisi linaweza kuandikwa hivi: mwombaji alete cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa, barua ya mtendaji wa kata, picha 2. Mwombaji mwenye kitambulisho lakini asiye na cheti atarudi nyumbani, ama atapanga foleni bure. Sentensi hulazimisha jibu: «Mwombaji alete cheti cha kuzaliwa au kitambulisho cha taifa, pamoja na barua ya mtendaji wa kata na picha 2.» Sasa inajulikana kwamba viwili vya kwanza ni vya kuchagua na viwili vya mwisho ni vya lazima. «Pamoja na» imesaidia kutenga makundi hayo mawili. Kama «na» pekee ingetumika mahali pake, msomaji angeweza kuona kwamba mwenye cheti hahitaji barua.

Katika kuonyesha uchaguzi, waandishi wengi siku hizi huanza na «aidha», kama vile «aidha cheti au kitambulisho». Katika Kiswahili sanifu neno hilo huongeza hoja; maana yake ni «zaidi ya hayo» au «vilevile». Kazi ya kuchagulisha ni ya «ama»: «ama cheti cha kuzaliwa au kitambulisho cha taifa».

Ukanushaji una kiunganishi chake, nacho husahaulika mara nyingi. Orodha ya mambo yasiyoruhusiwa maktabani, yaani kula, kuvuta sigara na kupiga picha, ikiunganishwa kwa «na» hupata utata: «Hairuhusiwi kula, kuvuta sigara na kupiga picha» huweza kusomwa kwamba kosa ni kuyafanya yote kwa pamoja. «Wala» huondoa mwanya huo: «Hairuhusiwi kula, kuvuta sigara wala kupiga picha.» Hata hivyo «wala» hutaka ukanushaji uliotangulia, ama ndani ya kitenzi, kama «hairuhusiwi» na «hakuna», ama katika neno kama «bila» na «si». «Ni marufuku» hukataza kwa maana, lakini umbo lake si la kukanusha, hivyo husemwa «Ni marufuku kula, kuvuta sigara au kupiga picha.»

Orodha ikichanganya yanayotakiwa na yasiyotakiwa, ulinganifu haudai yote yawe ya kukubali. Unadai tu umbo liwe moja: «Wanafunzi wavae sare, wafike kabla ya saa 1 asubuhi na wasije na simu.» Vitenzi vitatu vyote ni vya kuagiza, cha mwisho kimekanushwa, na jozi haikuvunjika.

«Na» zenye kazi tofauti

Neno «na» lina kazi nyingi, na orodha huzikutanisha. Katika «mgonjwa ana homa», «na» imo ndani ya kitenzi na inamaanisha kumiliki au kuwa na hali fulani. Kinachofuata lazima kiwe nomino. Ndiyo maana «mgonjwa ana homa, anakohoa na maumivu ya kifua» haisimami: «ana» inapokea «homa» na «maumivu», lakini haiwezi kupokea «anakohoa». Ama vyote viwe nomino, «ana homa, kikohozi na maumivu ya kifua», ama kila kimoja kipewe kitenzi chake, «ana homa, anakohoa na anaumwa kifua».

Katika kauli ya kutendwa, «na» humtaja mtenda: «uzio ulijengwa na mafundi». Orodha ya watenda huweza kufuata bila shida: «ulijengwa na mafundi, vibarua na wazazi». Shida huanza pale kitenzi kingine kinapoongezwa: «Uzio ulijengwa na mafundi na wazazi na kukaguliwa na mhandisi na mwenyekiti.» Hapo «na» tano zinafanya kazi tatu tofauti. Kurudi kwenye kauli ya kutenda hupunguza msongamano: «Mafundi na wazazi walijenga uzio, kisha mhandisi na mwenyekiti wakaukagua.»

Mpangilio na upatanisho

Maneno yanayofafanua nomino katika Kiswahili hukaa nyuma yake, na hilo huzaa utata ambao kitone kilikuwa kimeuzuia. «Wazazi wa wanafunzi» na «walimu» ni vipengele viwili vilivyo wazi kila kimoja kwenye mstari wake. Vikiunganishwa kwa mpangilio huo huo, «wazazi wa wanafunzi na walimu», huweza kumaanisha pia wazazi wa walimu. Kugeuza mpangilio kunatosha: «walimu na wazazi wa wanafunzi». Kipengele kitupu hutangulia, na chenye mkia hukaa mwisho, mahali ambapo mkia wake hauwezi kukigusa kingine.

Kivumishi nacho hufuata kanuni hiyo. Katika «vitabu na madaftari mapya», kiambishi ma- kinapatana na madaftari pekee, na msomaji haambiwi kama vitabu ni vipya. Katika «kalamu na rula mpya», nomino zote mbili ni za ngeli moja, kwa hiyo hata upatanisho hausaidii. Njia ya uhakika ni kukirudia kivumishi: «vitabu vipya na madaftari mapya», «kalamu mpya na rula mpya». Marudio hayo si upungufu wa mtindo, kwani ndiyo yanayolinda maana.

Orodha nzima inapokuwa kiima, kitenzi hutafuta ngeli ya kupatana nayo. Watu hupatana kwa wa-: «mwalimu, mzazi na mwanafunzi wamefika». Vitu vya ngeli moja huchukua wingi wa ngeli hiyo: «kiti na kitabu vimepotea». Vitu vya ngeli mbalimbali, kama madawati, kabati na ubao, huwagawa wasemaji: wengine hutumia vi- ya vitu kwa jumla, wengine hupatanisha kitenzi na nomino iliyo karibu nacho zaidi. Mwandishi anaweza kuliepuka suala hilo kwa kuiweka orodha baada ya kitenzi, «shule imepokea madawati, kabati na ubao», au kwa kutumia neno la jumla, «vifaa vilivyopokewa ni madawati, kabati na ubao».

Mikato, na pale sentensi moja inapozidiwa

Vipengele vifupi hutenganishwa kwa mkato, na kabla ya «na» ya mwisho kwa kawaida mkato hauhitajiki. Huwekwa pale kipengele kimoja kina «na» yake ya ndani: «walinunua unga, chumvi na pilipili, na mafuta ya kula» huonyesha kwamba chumvi na pilipili zilihesabiwa kama kitu kimoja. Vipengele virefu vyenye mikato ndani yake hutenganishwa vizuri zaidi kwa nukta mkato.

Lakini usahihi wa sarufi haufanyi kila sentensi isomeke. Sentensi ya kamati iliyoonyeshwa hapo juu haina kosa, ila inambebesha msomaji maazimio sita kwa pumzi moja, tena ya aina mbili: kazi zitakazosimamiwa na kamati, na masharti kuhusu mchango wa wazazi. Kuigawa huleta nafuu:

«Kamati iliazimia kununua madawati 40, kukarabati choo cha wasichana, kujenga uzio upande wa barabarani na kuwapatia walimu chai ya saa 4. Iliazimia pia kwamba kila mzazi atoe kilo 10 za mahindi, lakini mwanafunzi yeyote asirudishwe nyumbani kwa kukosa mchango.»

Mgawanyo huu umefungua mlango kwa «lakini», kiunganishi kinachosema kwamba azimio la mwisho linaliwekea mpaka lile la tano. Uhusiano huo ulikuwamo ndani ya dondoo tangu mwanzo, kwa kuwa zote mbili zinazungumzia mchango, ila vitone viliuficha na «na» iliupooza. Tahadhari inahitajika hapa. Kiunganishi huruhusiwa kudhihirisha uhusiano uliopo; hakiruhusiwi kuubuni. Kuandika kwamba uzio ujengwe «ili watoto wasigongwe na magari» ni kuongeza sababu ambayo haimo katika dondoo, hata kama inaonekana dhahiri. Huenda wajumbe walihofia ng'ombe au wezi. «Kwa sababu», «ili» na «kwa hiyo» huingia tu pale chanzo chenyewe kimevitaja.

Ukaguzi wa mwisho hufanywa kwa kurudi nyuma: sentensi iliyokamilika huvunjwa tena kuwa orodha, ikiwezekana na mtu ambaye hakuona dondoo za awali, kisha orodha hizo mbili hulinganishwa. Vipengele vikipungua, kuna kilichomezwa na jirani yake. Vikizidi, kuna ufafanuzi uliochukuliwa kama kipengele. Mtenda akibadilika, umbo lilichaguliwa vibaya. Na kama «kimojawapo» kimegeuka kuwa «vyote», kosa liko kwenye kiunganishi. Orodha mbili zikilingana kwa idadi, kwa watenda na kwa uhusiano, sentensi imebeba kila kilichokuwamo kwenye vitone na haikuongeza kitu.